Kaimu si Mrithi: Kuhusu Bahasha Iliyo Kwenye Kasha la Mwenyekiti

Hivi karibuni mjumbe wa bodi ya kampuni moja ya hapa Mwanza aliniambia, kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kumaliza kazi, kwamba suala la nani atamrithi mkurugenzi mtendaji wao lilikwisha kupangwa zamani: jina la meneja wa fedha limo ndani ya bahasha, bahasha imefungwa kwa lakiri, na mwenyekiti anaitunza kwenye kasha lake. Habari ya bahasha hiyo nimekwisha kuisikia katika bodi za viwanda vya samaki, za vyama vya akiba na mikopo na za hospitali, na kila mara huwa ndiyo mwisho wa mazungumzo. Nimechoka kuijibu kwa mdomo, nikiwa nimesimama ukumbini na kikombe cha chai mkononi, kwa hiyo leo naijibu kwa maandishi.

Jina lililo ndani ya bahasha linajibu swali moja tu, nalo ni hili: mkurugenzi mtendaji akilazwa Bugando usiku huu, nani ataketi kwenye kiti chake kesho saa mbili asubuhi? Swali hilo ni la lazima. Hata hivyo, halisemi lolote kuhusu nani anafaa kuiongoza kampuni kwa miaka mitano au saba ijayo, na mtu anayefaa kwa jambo la kwanza mara nyingi hafai kwa la pili. Ripoti ya King IV ya Afrika Kusini ya mwaka 2016 kuhusu utawala wa kampuni, ambayo bodi nyingi za ukanda wetu huiazima wanapoandika hati zao za bodi, inaitaka bodi ijiridhishe kwamba upo mpango wa kumrithi mtendaji mkuu wakati wa dharura na upo mpango wa muda mrefu. Bodi nyingi hunakili aya hiyo neno kwa neno, kisha hutekeleza nusu yake ya kwanza.

Mfano ulio karibu nasi ni wa Safaricom. Bob Collymore, mtendaji mkuu wake, alifariki tarehe 1 Julai 2019, na kesho yake bodi ikamtangaza Michael Joseph kuwa kaimu. Joseph alikuwa amewahi kuiongoza kampuni hiyo hadi mwaka 2010 na wakati huo alikuwa mjumbe wa bodi, kwa hiyo wafanyakazi, mabenki na wawekezaji hawakuhitaji kutambulishwa kwake. Peter Ndegwa, aliyetoka nje ya kampuni, alitangazwa Oktoba mwaka huohuo na akaanza kazi tarehe 1 Aprili 2020. Msomaji atazame kalenda hiyo: kaimu alipatikana kwa siku moja, mrithi alianza kazi baada ya miezi tisa, nao walikuwa watu wawili wenye sifa tofauti. Wa kwanza sifa yake kubwa ilikuwa kujulikana. Wa pili alitafutwa kwa ajili ya kampuni ya miaka iliyofuata. Kama angeteuliwa moja kwa moja yule aliyekuwa karibu zaidi na kiti, muda ule wa kutafuta usingekuwapo.

Mpango wa dharura wenyewe sitaukalia sana, ila niseme kwamba hata huo haukamiliki kwa jina. Nani anatia saini hundi na maagizo ya benki siku ya kwanza, nani ana hati ya uwakilishi kwa ajili ya mikataba, nani anapiga simu kwa wanunuzi wa nje na kwa msimamizi wa mkopo, na katibu wa kampuni anapeleka taarifa gani Brela kwa msajili wa kampuni: hayo yote yaandikwe na yajaribiwe. Njia rahisi ya kuupima mpango ni kumwuliza anayetajwa kuwa kaimu kama anajua kwamba ametajwa. Mara nyingi hajui, na sahihi yake benki haipo.

Jambo linaloniudhi zaidi ni barua ya kukaimu, kwa sababu hapo ndipo bodi huharibu mpango wa muda mrefu kwa sentensi moja iliyosahauliwa. Barua nyingi husema kwamba fulani anateuliwa kukaimu “hadi hapo itakapoamuliwa vinginevyo”, bila kikomo cha muda, na bila kusema kama anaruhusiwa kugombea nafasi yenyewe. Anayekaimu akiamini kwamba kiti kitakuwa chake, kila uamuzi anaoufanya anaupima kwa macho ya wapiga kura wake. Hamfukuzi meneja mzembe mwenye ndugu kwenye bodi, hapandishi bei, hafungi laini ya uzalishaji inayokula hasara. Baada ya miezi kumi na minne ya namna hiyo, bodi inakuwa na watu wawili wa kuwaonea aibu: kaimu aliyezoea kiti, na mgombea wa nje anayejua kwamba ataingia kwenye ofisi yenye mtu aliyenyimwa. Kwa hiyo nasisitiza barua iseme mambo matatu waziwazi, yaani kikomo (miezi sita inatosha, na kuongeza kuwe kwa azimio la bodi), maamuzi yanayohitaji idhini ya bodi katika kipindi hicho, na kama kaimu ni mgombea au siye. Mimi napendelea asiwe mgombea. Nakiri kwamba katika kampuni ndogo, ambako watu wenye uwezo ni wawili au watatu tu, msimamo wangu huo ni anasa, na nimekwisha kuulegeza.

Sasa tuingie kwenye mfano. Tuchukue kiwanda cha minofu ya sangara hapa ufukweni, nilichokiunda kutokana na kazi mbalimbali nilizofanya, ili mtu asianze kumtafuta mwenye nacho. Bodi ina wajumbe saba. Mkataba wa mkurugenzi mtendaji unaisha Juni 2028. Mwenyekiti, mwenyekiti wa kamati ya ukaguzi na mjumbe anayelijua soko la Ulaya waliingia bodini pamoja mwaka 2019, na hati ya bodi inaweka ukomo wa miaka tisa. Kamati ya uteuzi, yenye wajumbe watatu wasio watendaji, imeandika kwenye ripoti yake kwamba “mrithi amekwisha kutambuliwa”, yaani bahasha.

Kazi ya kwanza si kutaja majina. Kamati inaandika ukurasa mmoja kuhusu kampuni itakavyokuwa mwaka 2030, kisha inauliza kazi ya mtendaji mkuu wa wakati huo itakuwa ipi. Kwa kiwanda chetu majibu hayafichiki: sangara wanaofika kiwandani hawatoshi kujaza mashine, hivyo kiongozi ajaye atatumia muda mwingi zaidi kwa wenye mitumbwi na mawakala, na pengine kwa mazao mengine, kuliko kwa wateja, na anayekumbuka jinsi Umoja wa Ulaya ulivyozuia samaki wa Ziwa Viktoria mwaka 1999 anajua kwamba suala la usalama wa chakula haliwezi kuachiwa meneja wa ubora peke yake. Meneja wa fedha, ambaye ni mtu mwadilifu na kaimu mzuri sana, hajawahi kujadiliana bei na wakala hata mmoja. Ukiandika majina kabla ya ukurasa huo, ukurasa wenyewe utafanana na aliyetajwa, au utakuwa nakala ya mkurugenzi aliyepo bila mvi zake.

Baada ya hapo ndipo watahiniwa wa ndani wanapoorodheshwa, kila mmoja na muda anaohitaji ili awe tayari. Hapa ipo dalili moja ambayo sijawahi kuiona ikidanganya. Chukua orodha za miaka mitatu mfululizo na uzipange mezani. Kama meneja wa uzalishaji aliandikwa “tayari baada ya miaka miwili” katika zote tatu, mpango huo haufanyi kazi, kwa sababu hakuna aliyempa kazi ya kumfanya awe tayari. Kwa kiwanda chetu, meneja huyo angepewa usimamizi wa ununuzi wa samaki pamoja na hesabu zake za faida na hasara kwa mwaka mzima, na angewasilisha matokeo mbele ya bodi yeye mwenyewe. Nasema yeye mwenyewe kwa makusudi, maana wapo wakurugenzi watendaji wanaosoma ripoti zote kwa niaba ya wasaidizi wao, na bodi inafika siku ya uteuzi ikiwa haijawahi kusikia sauti ya mtahiniwa. Mkurugenzi aliyepo atoe maoni yake kuhusu watahiniwa, kisha atoke chumbani.

Upande wa bodi wenyewe ni wa hesabu. Watu watatu wakiondoka mwaka 2028, mwaka uleule ambao mtendaji mkuu anaondoka, mgeni atasimamiwa na wageni. Ukomo hauna budi kutawanywa. Kiti cha kamati ya ukaguzi ndicho cha kwanza kushughulikiwa, kwa kuwa wahasibu wenye ujuzi na ujasiri wa kubishana na mkaguzi wa nje ni wachache hapa Mwanza na kuwapata huchukua muda. Mrithi wa kiti hicho aingie bodini 2026, akae mwaka mmoja kama mjumbe wa kawaida wa kamati, na mwaka 2027 achukue uenyekiti wa kamati hiyo. Mjumbe wa soko la Ulaya anaweza kukaa hadi 2028. Jedwali la ujuzi wa wajumbe litasaidia kujua pengo liko wapi, mradi tu wajumbe wasijipe alama wenyewe, maana wote watajipa nne kwa tano hata kwenye teknolojia ya habari. Waandike walichowahi kukifanya, na kamati ndiyo itoe alama.

Kuhusu mwenyekiti sina uhakika, na ninawashuku wenzangu walio na uhakika. Akiondoka 2027, mwenyekiti mpya atamchagua mtendaji atakayefanya naye kazi, ila atachagua akiwa bado anajifunza kampuni. Akibaki hadi 2029, anayeijua kampuni atachagua, kisha atamwachia mwenzake mtu asiyemchagua. Kanuni za utawala za Uingereza, ambazo nazo zinaweka miaka tisa kwa mwenyekiti, zinaruhusu muda huo uongezwe kidogo kwa ajili ya kurahisisha urithishanaji. Kwa kiwanda hiki ningechagua 2027, kwa sababu mwenyekiti huyu na mkurugenzi huyu wamezoeana mno. Ninalolijua kwa hakika ni kwamba asiongoze kikao cha kamati kinachomtafuta mrithi wake mwenyewe, hata akiahidi kukaa kimya.

Kisha lipo suala la mwenye hisa. Viwanda vingi vya ufukweni ni vya familia, na mwenye asilimia 60 akitaka mwanawe awe mkurugenzi mtendaji, kamati ya uteuzi haina kura ya kumzuia. Ninachoiomba kamati katika hali hiyo ni kumfanya mzee aseme nia yake miaka mitatu kabla, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao. Baada ya hapo kijana apimwe kwa ukurasa uleule wa mwaka 2030, apewe ununuzi wa samaki kama meneja wa uzalishaji alivyopewa, na hesabu zao za mwaka ziwekwe mbele ya bodi kwa pamoja. Kwa bodi moja niliyoihudumia mzee alizitazama hesabu hizo kwa muda mrefu, akaomba kikao kiahirishwe hadi robo inayofuata.