Chanjo ya homa ya mafua: kwa nini kirusi huchaguliwa miezi mingi kabla ya sindano

Mimi ni mfamasia hapa Tabora. Chanjo ya homa ya mafua haimo katika ratiba ya chanjo za kawaida za watoto wetu, kwa hiyo wanaoniulizia habari zake mara nyingi ni watu wanaojiandaa kwenda Hija, pamoja na wazee wenye kisukari, pumu au ugonjwa wa moyo. Wengi hushangazwa na maandishi ya kwenye boksi. Katika chanjo ya msimu wa 2022 na 2023 kwa nchi za kaskazini mwa dunia, kwa mfano, mojawapo ya virusi iliandikwa A/Darwin/9/2021. Maana yake ni kirusi cha kundi A, kilichopatikana katika mji wa Darwin, Australia, kikiwa sampuli namba 9 ya mwaka 2021. Swali linalofuata ni la haki kabisa: inakuwaje mtu achomwe sindano mwishoni mwa 2022 kwa kirusi cha mwaka uliotangulia, ilhali tunaambiwa kwamba virusi hivi hubadilika kila mara?

Jibu limo katika namna chanjo yenyewe inavyotengenezwa. Kila mwaka, mwezi Februari, wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani hupitia taarifa za virusi kutoka maabara za nchi nyingi, kisha hupendekeza vitakavyotumika katika chanjo ya majira ya baridi ya kaskazini, ambayo watu huanza kuchomwa kuanzia Septemba au Oktoba. Mwezi Septemba hufanya vivyo hivyo kwa ajili ya nchi za kusini. Kati ya uteuzi na sindano kuna takriban miezi sita hadi minane, na muda huo wote una kazi.

Nianze na yai, kwa sababu sehemu kubwa ya chanjo hii duniani bado hutengenezwa humo. Yai linalotakiwa si lile la kukaanga. Ni yai lililorutubishwa, lililokaa kwenye mashine ya kutotolesha kwa siku 10 au 11, likiwa na kiinitete hai ndani. Yeyote aliyewahi kumulika yai kwa tochi gizani ili kujua kama lina kifaranga ameona mishipa myembamba ya damu ikiwa imetawanyika kama mizizi, na kiwandani mayai hukaguliwa kwa mwanga kwa njia hiyo hiyo ili yaliyokufa yaondolewe. Kisha ganda hutobolewa na kiasi kidogo sana cha virusi huingizwa katika mfuko wa majimaji unaozunguka kiinitete. Yai hurudishwa kwenye joto kwa siku mbili hadi tatu, virusi vikiendelea kuzaliana. Baada ya hapo hupoozwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi, ili kiinitete kife na mishipa ya damu isinyae, damu isije ikachanganyika na majimaji yatakayovunwa. Mavuno ya yai moja ni mililita chache tu. Majimaji hayo husafishwa kwa mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, virusi huuliwa kwa kemikali kama fomaldehaidi, na katika chanjo nyingi hupasuliwa vipande. Kinachotafutwa hasa ni protini ya juu ya kirusi iitwayo hemaglutinini. Dozi ya kawaida hubeba mikrogramu 15 za protini hiyo kwa kila aina ya kirusi. Ukikadiria yai moja kwa kila aina katika kila dozi, utaelewa kwa nini kiwanda kikubwa huhitaji mamilioni ya mayai.

Mayai hayo hayanunuliwi sokoni wiki ya kuyatumia. Kuku huanza kutaga akiwa na umri wa karibu miezi mitano, na kundi zima lazima lilelewe katika mabanda safi yanayolindwa dhidi ya magonjwa. Kwa hiyo kiwanda huagiza mayai kabla hata kirusi hakijachaguliwa. Vipo viwanda vinavyothubutu kuanza kuzalisha aina moja mwezi Januari, vikiamini kwamba haitabadilishwa, na ikibadilishwa hasara ni yao.

Kirusi nacho hakipendi yai moja kwa moja. Kinachopatikana katika koo la mgonjwa mara nyingi hukua kidogo mno humo. Maabara maalumu hukichanganya ndani ya yai na kirusi cha zamani kinachozaliana vizuri, ambacho asili yake ni Puerto Rico mwaka 1934, kisha huchagua mzao wenye protini za nje za kirusi kipya na jeni za ndani za kile cha zamani. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, na bado mzao huo unaweza kutoa mavuno haba.

Kuna tatizo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi. Kirusi cha binadamu kikizoea yai hubadilisha hemaglutinini yake ili ishike vizuri seli za kuku, na wakati mwingine badiliko hilo huangukia mahali ambapo kingamwili zetu zinapaswa kushika. Mtu hupata kinga kubwa zaidi dhidi ya kirusi cha yai kuliko dhidi ya kile kinachozunguka mitaani. Jambo hili limeonekana hasa katika H3N2, mojawapo ya jamii za virusi vya kundi A, ambayo ndiyo ya kile cha Darwin.

Hapo ndipo seli zinapoingia. Seli zinazotumika zaidi zilitokana na figo la mbwa mwaka 1958. Huhifadhiwa zikiwa zimegandishwa, na zikihitajika hukuzwa ndani ya matangi makubwa ya chuma. Hakuna kusubiri kuku, na kirusi hakibadiliki sana kama kwenye yai. Ndiyo maana katika msimu ule ule niliotaja, chanjo ya seli ilipangiwa A/Darwin/6/2021 badala ya namba 9.

Hata hivyo, ni kosa kudhani kwamba seli zimeifuta miezi ile. Kabla chanjo haijajazwa kwenye sindano, lazima kiasi cha hemaglutinini kipimwe, na kipimo kinachotumika huhitaji kingamwili zilizotengenezwa kwa kondoo dhidi ya protini ya kirusi hicho hicho. Kondoo huchanjwa, mwili wake huachwa ujibu, na kirusi kikibadilika kazi huanza upya. Kisha kuna majaribio ya usafi, kujaza, ukaguzi wa mamlaka na usafirishaji kwenye baridi. Hayo yote yanaihusu chanjo ya seli sawasawa na ya yai.

Gharama ya kuchagua mapema ilionekana mwaka 2014. Mwezi Februari ilipendekezwa H3N2 inayofanana na A/Texas/50/2012. Mwishoni mwa Machi virusi vya H3N2 vilivyobadilika vilianza kuonekana Marekani, vikiwa vichache sana. Kufikia Septemba vilikuwa vimeenea, na chanjo ya kusini ikabadilishiwa kirusi, lakini ile ya kaskazini ilikuwa imekwisha kutengenezwa. Msimu huo, nchini Marekani, ufanisi wa chanjo kwa jumla ulikadiriwa kuwa asilimia 19 tu.

Mwaka 2019 wataalamu waliona dalili za namna hiyo mapema. Mwezi Februari walitangaza virusi vingine na kuiacha H3N2 hadi Machi 21, walipochagua A/Kansas/14/2017. Viwanda viliendelea na aina nyingine huku vikisubiri, na mwezi mmoja walioupata wataalamu kwa kuchunguza ulipunguzwa katika muda wa kuzalisha aina hiyo.