“Kesho” ya mkulima: wanapokosea kwenye kauli taarifa

Hapa Masasi nafundisha twisheni jioni, na swali hili huwaangusha wengi:

Mkulima alisema, “Nitapeleka korosho zangu ghalani kesho.” Kauli taarifa yake ni ipi?

A. Mkulima alisema kuwa nitapeleka korosho zangu ghalani siku iliyofuata.
B. Mkulima alisema kuwa alipeleka korosho zake ghalani siku iliyofuata.
C. Mkulima alisema kuwa angepeleka korosho zake ghalani siku iliyofuata.
D. Mkulima alisema kuwa angepeleka korosho zake ghalani kesho.

Dhana: Ukiondoa alama za usemi ukaweka “kuwa”, umemaliza.
Ukweli: anayechagua A amejitwisha magunia ya mwenzake. “Nitapeleka” sasa ni mimi ninayesimulia, na korosho zimekuwa zangu. Nafsi ndiyo ya kukagua kwanza.

Dhana: “Alisema” ni wakati uliopita, kwa hiyo kila kitenzi kipewe -li-.
Hili ndilo kosa ninalokutana nalo zaidi. B inageuza ahadi kuwa tukio: korosho zimeshafika ghalani, ilhali siku mkulima anasema zilikuwa bado nyumbani. Kila wakati una njia yake ya kurudi nyuma. “Nitapeleka” inakuwa “angepeleka”, “ninapeleka” inakuwa “alikuwa anapeleka”, na “nimepeleka” inakuwa “alikuwa amepeleka”.

Dhana: -nge- ni ya masharti tu.
Ndiyo maana C hukataliwa. “Angepeleka kama nini?” kijana mmoja aliniuliza, na hakuwa mjinga. Katika “ningepata usafiri, ningepeleka”, -nge- imekaa pande zote mbili, upande mmoja ukiusubiri mwingine. Baada ya “alisema kuwa” imekaa peke yake, nayo inaonyesha jambo lililokuwa bado mbele siku ile ya kusema. Kama alipeleka kweli au hakupeleka, sentensi haisemi. Jibu ni C.

Dhana: -ta- haibaki kamwe.
Inabaki, tena mara nyingi. Nikikutana nawe jioni ileile nikakwambia, “Mkulima amesema atapeleka korosho zake kesho,” sijakosea, maana kesho hiyo haijafika. Hata “alisema atapeleka” watu wanasema kila siku na wanaelewana. Kwenye mtihani, neno la siku ndilo linalokuonyesha msimuliaji amesimama wapi. D imerudisha kitenzi nyuma lakini “kesho” imeiacha palepale, kwa hiyo sentensi moja ina siku mbili zinazovutana. “Kesho yake” ingeiokoa.

Amri wanaikosea kwa namna nyingine. Mama alimwambia mwanawe, “Anika korosho.” Wanafunzi huandika “angeanika”, kwa kuwa wameshazoea kuhamisha wakati. Lakini “anika” haina -na-, -li- wala -ta- ya kuhamishwa. Kinachobadilika ni mwanzo na mwisho wa kitenzi: Mama alimwambia mwanawe aanike korosho.