Pau Zisizoanzia Sifuri: Mwongozo wa Grafu katika Ripoti za Atachimenti

Msimu wa ripoti za atachimenti umefika, na wasimamizi wa kampuni wanaendelea kutulalamikia kuhusu jambo moja: grafu inasema hivi, jedwali linasema vile. Mara nyingi tarakimu ni sahihi. Kilichokosewa ni mhimili wima.

Chukua mfano wa dawati la wateja katikati ya jiji lililopokea malalamishi 412 mwezi wa Januari, 425 Februari na 438 Machi. Ukichora pau kwa Excel bila kugusa chochote, mhimili hautaanzia sifuri, kwa kuwa programu hiyo hukata sehemu ya chini pale tarakimu zinapokaribiana. Mhimili ukianzia 400, pau ya Januari itakuwa na urefu wa 12 na ya Machi 38. Meneja ataona malalamishi yameongezeka zaidi ya mara tatu, ilhali yameongezeka kwa asilimia 6 tu. Jicho husoma urefu wa pau kabla ya kusoma namba, kwa hivyo kuandika "412" juu ya pau hakutoshi, ingawa wengi wenu mnashikilia kwamba kunatosha.

Kurekebisha ni rahisi. Bofya mhimili wima kwa kitufe cha kulia, chagua `Format Axis`, kisha chini ya `Bounds` andika 0 kwenye `Minimum`. Usiiache kwa chaguo la programu hata kama leo imeanzia sifuri, kwani data ikibadilika mhimili nao unaweza kubadilika. Grafu ya mstari inaweza kuanzia juu ya sifuri, maana huko tunasoma mwinuko wala si urefu, lakini liseme hilo katika maelezo ya chini.

Baada ya hapo, jiulize kama idadi ndiyo inayostahili kuchorwa. Tuseme dawati hilo lilihudumia wateja 5,150 Januari na 5,840 Machi. Malalamishi kwa kila wateja 100 yameshuka kutoka 8 hadi 7.5. Grafu ya idadi pekee ingemfanya meneja awakaripie wahudumu waliofanya vizuri zaidi. Chora kiwango, na idadi uiweke kwenye jedwali.

Kichwa kitaje kilichopimwa, kipimo, mahali na kipindi: "Mchoro 4.2: Malalamishi kwa kila wateja 100, dawati la wateja, Januari hadi Machi". "Grafu ya malalamishi" si kichwa. Namba ya kwanza ni ya sura, ya pili ni ya mfuatano ndani ya sura hiyo. Namba hiyo itajwe katika maandishi kabla ya mchoro kutokea, na ilingane na orodha ya michoro mwanzoni mwa ripoti. Mtahini akikuta 4.2 mbili, ripoti inaweza kurudishwa ikarekebishwe, na hapo usije ofisini kudai umeonewa. Chini ya mchoro taja chanzo, kwa mfano "Daftari la malalamishi la dawati", kwa idhini ya msimamizi wako.

Kabla ya kupeleka ripoti kufungwa, toa nakala moja ya ukurasa wa grafu kwa wino mweusi. Nyekundu na kijani zikitoka kijivu kimoja, andika majina kando ya pau zenyewe na uondoe kisanduku cha rangi.