Simu ya video na mteja wa nje: dhana zinazokuponza

Dhana: Ukimwomba mteja arudie, atakuona hujui lugha.

Ukweli ni kwamba kinachomchosha ni ombi lisilo na mwelekeo. Ukisema "Samahani, rudia tafadhali", hajui ulipopotelea, kwa hiyo anarudia maelezo yote kwa kasi ileile, nawe unapotelea palepale. Mtajie ulichokipata, kisha ulichokikosa: "Rangi na nembo nimekupata, tarehe ya kukabidhi ndiyo sikuisikia." Sasa atarudia kitu kimoja tu, na atajua mengine umeyashika.

Tuseme unamtengenezea mteja tovuti, na mnaongea Kiingereza. Anataka kurasa 15, wewe unasikia 50. Usiyalaumu masikio: kwa Kiingereza namba hizo zinakaribiana sana kimatamshi, tofauti iko mwishoni, na mtandao ukikwama kidogo mwisho huo ndio unaomezwa. Kumuuliza "Umesema 15?" hakutoshi, kwani naye anaweza kulisikia swali vibaya akajibu ndiyo. Taja tarakimu mojamoja, "moja, tano", halafu iandike kwenye sehemu ya ujumbe ya simu hiyohiyo. Tarehe pia ziandike kwa jina la mwezi, maana 5/6 kwa Mwingereza ni tarehe 5 Juni, kwa Mmarekani ni tarehe 6 Mei.

Dhana: Kuitikia "ndiyo, ndiyo" kunaonyesha unafuatilia.

Wewe unamaanisha "nakusikia", yeye anaelewa "nimekubali". Hivyo ndivyo watu wanavyojikuta wamebeba kazi ya ziada bila malipo. Itikia kwa sentensi isiyofunga mkataba: "Nimekuelewa. Nitapiga hesabu ya muda kwanza, ndipo nikujibu."

Chunga zaidi maswali ya kukanusha. Akiuliza, "Bado hujaanza?", sisi tunajibu "ndiyo", yaani ni kweli, sijaanza. Kwa Kiingereza jibu hilo linaweza kueleweka kuwa umeshaanza. Achana na ndiyo na hapana, sema "Bado sijaanza, naanza Jumatatu."

Dhana: Ukikariri maelezo yote, hofu itaisha.

Mteja akikukatiza katikati, uzi umekatika. (Na wateja hukatiza.) Afadhali ukariri sentensi chache za kujikwamua, uziseme kwa sauti hadi ulimi uzizoee, kisha uzibandike karibu na kamera ili macho yasihangaike. Muhimu kuliko zote ni ya kununua muda: "Nipe sekunde chache niangalie maelezo yangu." Bila hiyo, ukinyamaza kutafuta neno, mteja hudhani mtandao umekatika na kuanza kukuita, nawe unazidi kuchanganyikiwa.

Dakika tano za mwisho ziombe mapema: "Kabla hatujaagana, ningependa nirudie tulichokubaliana." Taja kazi, idadi, tarehe na malipo. Simu ikikatwa tu, mtumie hayohayo kwa barua pepe na umalizie hivi: "Kama kuna nilipokosea, naomba unisahihishe kabla sijaanza kazi."