Nafasi kumi na mbili zinahitaji nguzo ngapi?

Juma hili mteja mmoja wa Ngaramtoni ameniletea orodha ya vifaa iliyoandikwa kwa mwandiko mzuri: mstari wa uzio mita 36, nguzo moja kila baada ya mita 3, jumla nguzo 12. Kosa hilo nimelizoea. Lililonifanya niandike ni maneno ya ndugu yake aliyekuja naye, ambaye alimsahihisha kwa kujiamini kabisa: "Hapo ongeza moja. Kwenye uzio siku zote unaongeza moja." Yule wa kwanza amekosea uzio mmoja, lakini huyu wa pili amebeba kanuni itakayomkosesha karibu kila kiwanja atakachozungushia seng'enge, na kanuni hiyo naisikia Arusha na Moshi, hata kwa mafundi waliokaa kazini muda mrefu.

Mita 36 ukizigawa kwa 3 unapata 12, na hiyo 12 ni idadi ya nafasi. Tembea kando ya mstari kutoka kushoto, na kila nafasi uipe nguzo iliyo mwanzoni mwake. Ukifika mwisho utakuwa umegawa nguzo 12, na mbele yako itabaki nguzo moja isiyo na nafasi ya kuianza, ile inayofunga mstari. Ndiyo maana zinahitajika 13. Sasa chukua mstari uleule, lakini upande mmoja uishie kwenye ukuta wa jirani aliyekubali waya ufungwe kwenye ukuta wake: nafasi ni zilezile 12, nguzo ni 12. Ukiwa na ukuta pande zote mbili, nguzo ni 11. Kugawanya hakujabadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni ncha za mstari, na ile "moja" inategemea ncha hizo peke yake. Anayeongeza moja bila kuuliza mstari unaanzia wapi na unaishia wapi anabahatisha.

Sasa nije kwenye kiwanja kizima, ambako ndiko hasara ilipo. Tuchukue kiwanja cha mita 20 kwa 30, na nguzo kila baada ya mita 2.5. Mwenye kanuni ya "siku zote" hupima kila upande peke yake: upande wa mita 20 una nafasi 8, kwa hiyo anaandika nguzo 9, upande wa mita 30 una nafasi 12, anaandika 13. Anajumlisha 9 na 9 na 13 na 13, anapata 44. Lakini nguzo ya kona inahudumia pande mbili kwa wakati mmoja, naye ameihesabu mara mbili, na kona ni nne. Nguzo zinazohitajika ni 40, sawasawa na nafasi 40 za mzunguko wa mita 100. Uzio unaojifunga wenyewe hauna ncha, kwa hiyo hauna nguzo ya ziada. Ukitaka kuona tofauti hii kwa macho yako, chomeka vigingi kwenye kona na katikati yake kabla ya kuchimba shimo lolote, kisha zunguka ukivihesabu mpaka urudi kwenye kigingi ulichoanzia, bila kukihesabu tena.

Geti ndilo linaloharibu tena unadhifu huo, na hapa naomba msomaji asiharakishe. Geti la mita 5 likikaa palipokuwa na nafasi mbili, unaondoa nguzo moja ya katikati na kubaki na 39; hilo ni jepesi. Geti nyingi ninazoombwa ni za mita 4, ambazo hazilingani na mita 2.5 kwa namna yoyote. Mtu wa kalamu atatoa 4 kwenye 100, atagawa 96 kwa 2.5, atapata 38.4, atapandisha kuwa nafasi 39, na kwa kuwa geti limeukata mzunguko na kuupa ncha mbili, ataongeza moja na kuandika nguzo 40. Kila hatua yake ina maana, lakini uzio huo hauwezi kusimama kiwanjani, kwa sababu bikoni za kona hazisogei. Kila kipande kati ya kona na kona, au kona na nguzo ya geti, kinapaswa kugawanywa chenyewe.

Tuseme geti liko katikati ya upande wa mbele. Kila ubavu wake unabaki na mita 8, na 8 kwa 2.5 ni 3.2. Huwezi kujenga nafasi 3.2, kwa hiyo unaweka nafasi 4 za mita 2 kila moja. Mbele una nafasi 8 za waya, ubavuni 12 na 12, nyuma 8, jumla 40. Ongeza moja kwa sababu ya zile ncha mbili za geti, unapata nguzo 41. Ukiamua badala yake kuweka nafasi 3 za karibu mita 2.67 kila ubavu wa geti, nafasi zinakuwa 38 na nguzo 39. Kati ya 39 na 41 sina kanuni ya kumpa mtu. Kwa mwenye mbuzi ninaelekea kwenye 41, kwa kuwa waya hulegea zaidi kwenye nafasi pana. Kwa anayetaka tu kuonyesha mpaka, 39 huenda zikamtosha. Hiyo ni hukumu ya fundi, na fundi mwingine anaweza kuhukumu tofauti bila kukosea.

Kuna tabia nyingine inayofunika makosa haya yote, nayo ni kuagiza nguzo za akiba "kwa usalama". Akiba ni ya nguzo zitakazovunjika garini au kupasuka, na hupangwa baada ya idadi halisi kujulikana. Akiba ikitumika kuziba hesabu mbovu, nguzo za kweli zikivunjika hakuna mbadala, na hakuna atakayejua kosa lilianzia wapi.

Kwenye ukarabati kosa hugeuka. Mwenye shamba anasema nguzo zilizooza ni kuanzia namba 7 hadi namba 19, anatoa 7 kwenye 19 na kuagiza 12. Hapo 12 ni nafasi zilizo kati yake; nguzo zenyewe ni 13, kwa kuwa ya 7 nayo imeoza. Tarehe nazo zina mtego huo: nguzo za zege zilizomwagwa Machi 1 hutimiza siku 28 Machi 29, si Machi 28, kwa sababu siku ya kumwaga ni mwanzo wa kuhesabu, haijawa siku iliyopita. Waongozaji wa Kilimanjaro wanalijua hili vizuri, kwani safari ya njia ya Marangu ya siku 6 ina malazi ya usiku 5, na vibanda hulipiwa kwa usiku.

Mwisho ni nyaya zenyewe. Uzio wa kimo cha sentimita 120 wenye waya kila baada ya sentimita 24 una nafasi 5 kutoka chini hadi juu, na unahitaji nyaya 5, si 6, kwa sababu ncha ya chini ni ardhi.