Benki tatu, hatari moja

"Nina hisa za CRDB, NMB na DCB, kwa hiyo pesa yangu nimeitawanya, iko salama."

Zote ni benki: wakopaji wakishindwa kulipa, huenda zikashuka pamoja. Kutawanya hupunguza mtikisiko, tena pale tu mali zinaposukumwa na mambo tofauti. Hakuahidi kwamba utapata faida kubwa zaidi.

Tuseme una shilingi 1,000,000: hisa 600,000, mfuko wa hatifungani 400,000. Hisa zikishuka asilimia 30 na mfuko ukibaki palepale, una 820,000. Kurudi kwenye uwiano wa mwanzo, asilimia 60 hisa na 40 mfuko, kunataka hisa za 492,000, basi hamisha 72,000 kutoka kwenye mfuko kwenda kwenye hisa. Kwa mtaji mdogo kamisheni ya dalali huuma. Afadhali akiba mpya iende upande uliopungua. Hisa zikiendelea kushuka, marekebisho hayo yatakuongezea hasara.