Ujumbe wa kurekebisha jibu baada ya usaili si barua ya kuomba radhi

Ujumbe wa nyongeza baada ya usaili ni maandishi mafupi, kwa kawaida baruapepe ya aya moja au mbili, ambayo msailiwa huwapelekea waliomhoji ili kuongeza hoja aliyoisahau au kuimarisha jibu alilolitoa likiwa dhaifu. Hupelekwa siku ileile au siku ya kazi inayofuata, kabla jopo halijakaa kuamua. Maana yake inaishia hapo. Kinachonisukuma kuandika ni jinsi watu wanavyolitumia jina hilo kwa kitu kingine kabisa, yaani barua ya kujuta.

Mara nyingi mtu anaposema kwamba amepeleka ujumbe wa kurekebisha jibu, ukiusoma unakuta maneno ya namna hii: samahani sikujieleza vizuri kwenye lile swali, nilikuwa na wasiwasi, naamini ningepewa muda zaidi ningejibu vema. Katika maneno hayo hakuna jibu. Msaili anayeyasoma anakumbushwa kwamba jibu lilikuwa baya, halafu anaachwa palepale alipokuwa, bila kitu kipya cha kupima. Ikiwa alikuwa amekwisha kulisahau swali lenyewe, mwandishi amemrudisha kwenye udhaifu wake kwa hiari yake. Kujuta kunaeleza hali ya moyo wa msailiwa, na hali hiyo jopo halikuiuliza. Kurekebisha ni kuliweka mezani lile jibu ambalo lingepaswa kutolewa.

Tuchukue mfano wa mtu aliyeomba kazi ya uhasibu. Aliulizwa ataanzia wapi iwapo salio la daftari la fedha halilingani na salio la taarifa ya benki, naye akajibu kwamba angewasiliana na benki. Jibu hilo ni dhaifu, kwa sababu tofauti nyingi za aina hiyo hazitokani na kosa la benki, na anayejua kazi huanza na karatasi alizonazo mwenyewe. Jioni yake anaweza kuandika hivi:

“Ndugu Meneja, nashukuru kwa mazungumzo ya leo. Mliponiuliza ningeanzia wapi salio la daftari la fedha lisipolingana na taarifa ya benki, nilisema ningewasiliana na benki. Hiyo ni hatua ya mwisho, si ya kwanza. Ningeanza kwa kuweka alama kwenye kila kiasi kinachoonekana pande zote mbili, kisha ningechambua kinachobaki: hundi tulizotoa ambazo bado hazijafika benki, fedha tulizopeleka ambazo benki haijaziingiza, na makato ya benki ambayo sisi hatujayaandika. Makato ningeyaingiza daftarini, na hundi na fedha zilizo njiani ningeziorodhesha kwenye taarifa ya ulinganisho. Ikibaki tofauti inayogawanyika kwa 9, ningetafuta kwanza tarakimu zilizopinduliwa, kama vile 5,400 iliyoandikwa 4,500. Katika kazi yangu ya sasa ulinganisho huu naufanya kila mwisho wa mwezi. Ahsante.”

Kosa limekubaliwa katika sentensi moja fupi tu, tena bila sababu wala udhuru, na nafasi iliyobaki yote imepewa kazi yenyewe. Swali limetajwa waziwazi, kwa sababu wasaili huwa wamehoji watu wengi na msomaji anahitaji kulipata upesi katika kumbukumbu zake. Kile kielelezo cha 5,400 na 4,500, ambazo tofauti yake ni 900, kina uzito kuliko sifa yoyote ambayo mwandishi angejipa, maana ni jambo analolijua mtu aliyewahi kukaa na daftari lililokataa kulingana. Tena mwandishi amerekebisha jibu moja na kuacha. Anayerekebisha majibu manne anaufanya usaili wa pili peke yake, bila maswali ya kumbana, na msomaji huliona hilo mara moja.

Ipo tofauti nyingine inayopotea, nayo ni kati ya kuongeza na kurekebisha. Kuongeza ni rahisi zaidi: swali halikufika kwenye jambo fulani, au lilifika na msailiwa akasahau kutaja kazi aliyoifanya inayohusiana nalo moja kwa moja. Hapo hakuna kosa la kukiri, kwa hiyo kuanza na samahani ni kujitafutia kosa. Inatosha kusema kwamba, kuhusu lile mlilouliza juu ya kusimamia watu, kuna jambo ambalo sikulitaja, kisha kulieleza pamoja na lilivyoishia. Kurekebisha kunadai zaidi, kwa kuwa ni lazima kuligusa jibu la kwanza, la sivyo majibu mawili yatapingana na msomaji hatajua ashike lipi.

Na liko la tatu ambalo halifai kuchanganywa na hayo mawili. Msailiwa aliyesema jambo lisilo kweli, kwa mfano kwamba amefanya kazi fulani kwa miaka mitano ilhali ni mitatu, anatakiwa kulisahihisha hata kama linampunguzia alama, na alisahihishe katika ujumbe usiobeba kitu kingine chochote. Akilichomeka katikati ya hoja za kujisifu, litaonekana kama alitaka lipite bila kuonekana.

Ujumbe huu una mipaka yake, na ni haki kuisema. Katika usaili ambao kila mtu huulizwa maswali yaleyale na alama huandikwa papo hapo kwenye fomu, jopo linaweza kukataa kupokea nyongeza yoyote, kwa kuwa kumruhusu mmoja aongeze ni kuwanyima usawa waliobaki. Kukataa huko si chuki, na haifai kuandika mara ya pili kuulizia kama nyongeza ilizingatiwa. Vilevile si kila jibu dhaifu linarekebishika kwa maandishi. Swali la kupima kama unalijua jambo kichwani lilikwisha pale mezani, kwa sababu jibu linaloletwa jioni linaweza kuwa limetoka kitabuni, na msaili analijua hilo. Kama umelisoma baada ya kutoka, sema kwamba umelisoma. Kujifanya ulikuwa unalijua kutakugharimu kwenye hatua inayofuata, watakapokuuliza tena. Maswali ya uzoefu na ya namna ya kuamua ndiyo yanayofaa zaidi kurekebishwa, maana jibu lake linatoka katika kazi uliyoifanya wewe, yenye mambo mahususi ambayo hayapatikani kitabuni.

Kabla ya kuandika, ni vizuri pia kujiuliza kama jibu lilikuwa dhaifu kweli, au ni wewe tu uliyetoka hujaridhika. Dalili ambayo mimi huiamini ni pale msaili aliporudia swali kwa maneno mengine, au alipotoa dokezo na wewe hukulishika. Kunyamaza kwake akiandika hakuthibitishi lolote, kwani huenda alikuwa akinakili ulichosema.

Kwa hiyo, ndugu zangu mnaouita ujumbe huu barua ya kuomba radhi, au mnaomalizia kwa kuuliza matokeo yatatoka lini, naomba tuvitenganishe. Sentensi ya wasiwasi na ifutwe, na mahali pake liandikwe jibu. Swali la matokeo nalo si baya, ila lina ujumbe wake, unaopelekwa baada ya siku waliyoahidi kupita.